Bati Mezani: Jinsi ya Kuandika Maonyesho ya Ubora kwa Fundi na Mwenye Nyumba

Skripti ya maonyesho ya mabati ni maandishi mafupi anayoyafuata muuzaji anapopima bati mbele ya wanunuzi, iwe kaunta ya duka, eneo la ujenzi au mbele ya kamera ya simu. Huonyesha kifaa kipi kishikwe kwanza, bati lipi lichukuliwe, maneno gani yasemwe na mnunuzi aguse nini kwa mkono wake. Mabati yanahitaji maonyesho ya namna hii kuliko bidhaa nyingi za ujenzi, kwa sababu yale yanayoamua umri wa paa hayaonekani kwa jicho. Mabati mawili ya rangi moja na migongo ileile yanaweza kulala pamoja juu ya toroli, na moja likawa na chuma pungufu kwa robo nzima.

Wasikilizaji wa maonyesho haya huwa wawili na hawasikii kitu kimoja. Fundi ameshazoea kupiga bati kwa kucha, kulikunja pembe na kusema hili ni jembamba. Mara nyingi yuko sahihi, lakini hawezi kumwonyesha mwenye nyumba kwa namba. Mwenye nyumba kwa upande wake anajua bei na rangi, na neno geji amelisikia kwa jirani. Kazi ya skripti ni kuwaweka wote wawili mbele ya kipimo kimoja, kisha kuwaacha wasome wenyewe.

Neno geji ndilo la kwanza kuondolewa mezani. Wanunuzi wengi wanajua kwamba namba ya geji ikipanda bati linapungua unene, yaani geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba geji si kipimo kimoja. Ni namba ya mstari katika jedwali, na majedwali yako zaidi ya moja. Kwa jedwali la kale la waya la Uingereza, geji 30 ni milimita 0.315. Kwa jedwali la Birmingham lililotengenezwa kwa ajili ya mabati ni milimita 0.312, tofauti ndogo sana. Lakini kwa jedwali la Marekani la mabati yenye zinki, geji 30 ni karibu milimita 0.40, unene ambao kwa jedwali la Birmingham ungeitwa geji 28. Kwa hiyo wauzaji wawili wanaweza kusema geji 30 wakimaanisha mabati mawili tofauti, na hakuna anayeweza kuambiwa amedanganya. Kuna pia anayebandika jina la geji 30 juu ya bati la milimita 0.25 akitegemea kwamba hakuna atakayepima.

Skripti nzuri basi huanza kwa sentensi ya aina hii: "Karibuni. Fundi, leo hatutaji geji mpaka tumalize kupima. Tutasoma milimita, kisha tutasoma kilo." Maneno hayo machache yanatosha. Hotuba ndefu kuhusu kiwanda na historia yake humchosha fundi, na humpa mwenye nyumba shaka kwamba kuna kitu kinazungukwa.

Hatua inayofuata ni kuchagua bati, na hapa ndipo maonyesho mengi yanapopoteza thamani kabla hayajaanza. Muuzaji akiwa na kipande chake maalumu chini ya kaunta, kilichokatwa vizuri na kufutwa vumbi, kipimo chochote kitakachofuata kinaeleza habari za kipande hicho tu. Skripti imwelekeze mnunuzi achague mwenyewe kutoka kwenye rundo, na lisiwe la juu kabisa: "Mama, taja namba yoyote kati ya moja na ishirini. Kumi na tatu? Basi tunahesabu, tunalitoa la kumi na tatu." Katika video jambo hili lionekane bila kukatwa, kwani mtazamaji akiona picha imeruka kati ya rundo na meza ana haki ya kuuliza bati limebadilishwa wapi.

Bati likishafika mezani hugeuzwa, na upande wa chini husomwa kwa sauti. Viwanda vingi huchapa hapo jina la kiwanda, unene, aina ya mpako, alama ya shirika la viwango na namba ya koili, ambayo ndiyo roli kubwa la chuma bapa lililokatwa na kupitishwa kwenye mashine ya migongo. Tanzania alama inayotafutwa ni ya TBS, Kenya ni ya KEBS. Alama hiyo ni mwanzo wa ukaguzi, kwani wino unaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine. Namba ya koili ndiyo iandikwe pembeni, maana itahitajika mwishoni.

Kipimo cha unene hufanywa kwa maikromita, kifaa kidogo chenye umbo la upinde na skrubu inayosoma mpaka sehemu ya mia ya milimita. Rula haifai, na futi ya chuma haifai. Hata kalipa ya kawaida ya fundi chuma haitoshi, kwa sababu tofauti inayotafutwa kati ya bati la 0.25 na la 0.30 ni milimita 0.05, na kosa la mkono katika kalipa linaweza kuimeza yote. Kabla ya kugusa bati, muuzaji hufunga midomo ya maikromita ikiwa tupu na kumwonyesha mnunuzi kwamba inasoma sifuri. Maikromita inayoanza kwenye 0.04 itaongeza 0.04 kwenye kila bati la duka lile. Hatua hii huchukua sekunde tano na wengi huiruka.

Mahali pa kupimia ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ukingo uliokatwa huwa na makali madogo yaliyoinuka, na maikromita ikiyashika husoma zaidi ya unene wa kweli. Inafaa kuingia ndani sentimita mbili au tatu kutoka ukingoni. Kosa kubwa zaidi liko kwenye bati la mawimbi. Midomo ya maikromita ya kawaida ni bapa na ina upana wa kama milimita sita na nusu. Ikibana juu ya mgongo wa wimbi, mdomo wa juu hugusa kilele, lakini ule wa chini hauwezi kufika ndani ya mpindo, hivyo hukaa kwenye kingo zake na kuacha nafasi katikati. Nafasi hiyo huhesabiwa kama chuma. Katika wimbi la kawaida inaweza kuzidi milimita 0.15, kiasi cha kulifanya bati la 0.25 lionekane la 0.40. Muuzaji mjanja hahitaji kuharibu kifaa ili adanganye, anahitaji tu kupima kwenye mgongo. Fundi anayejua hili atadai kipimo kifanyike kwenye mteremko kati ya mgongo na bonde, pale ambapo bati limenyooka, au kwenye sehemu bapa ya bati la migongo mipana lile ambalo Tanzania huitwa msauzi.

Skrubu hukazwa kwa kitufe cha nyuma kinacholia kidogo, ambacho huzuia mkono mzito kubana kupita kiasi. Sehemu tano tofauti hupimwa, na mnunuzi ndiye anayezisoma. Katika skripti mstari huo ni mfupi: "Bosi, soma wewe. Fundi, andika." Tuseme masomo yametoka 0.30, 0.30, 0.29, 0.30 na 0.30. Kwa bati lililochapwa 0.30 matokeo hayo ni mazuri, na tofauti ndogo ya sehemu moja ni jambo la kawaida katika chuma kilichobanwa kwa roli. Kama masomo yangetoka 0.26, 0.25, 0.26, kusingekuwa na haja ya kuendelea na bati hilo.

Hapa skripti nyingi huishia kwa makofi, ilhali swali lenyewe ndiyo kwanza linaanza. Maikromita imesoma kila kitu kilichopo kati ya midomo yake, yaani chuma, mpako wa zinki au wa alumini na zinki juu na chini, na rangi juu na chini. Anayebeba upepo, mvua na uzito wa fundi ni chuma. Rangi na mpako hulinda lakini havibebi. Ndiyo maana wajuzi hutenganisha unene wa jumla na unene wa chuma tupu, na muuzaji mwaminifu huutaja ule wa pili hata kama hakuulizwa.

Chukua bati la rangi lenye mpako unaoandikwa AZ150, ambao ni mchanganyiko wa alumini na zinki. Namba 150 maana yake ni gramu 150 za mpako kwa kila mita ya mraba, zikihesabiwa pande zote mbili kwa pamoja. Mchanganyiko huo ni mwepesi, na gramu hizo huchukua unene wa karibu milimita 0.04 kwa pande zote. Rangi ya juu pamoja na ile ya chini inaweza kuchukua milimita 0.035 nyingine. Ukitoa vyote viwili kwenye 0.30 iliyosomwa na maikromita, chuma kinachobaki ni milimita 0.225. Hakuna udanganyifu wowote hapo ikiwa bati lilichapwa 0.30 kwa maana ya unene wa jumla. Udanganyifu huingia pale bati hilo linapolinganishwa na la jirani lililochapwa 0.30 kwa maana ya chuma tupu, kisha mteja akaambiwa ni kitu kilekile kwa bei nafuu.

Mnunuzi hawezi kuona chuma tupu bila kuharibu bati. Anaweza hata hivyo kukipima kwa mizani, na kwa maoni ya waandishi wengi wa maonyesho haya mizani ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu kila mtu sokoni anaielewa. Msingi wake ni mmoja: chuma chenye unene wa milimita moja na eneo la mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 7.85. Kukunjwa kuwa mawimbi au migongo hakubadili uzito huo hata kidogo. Kinachohitajika ni kujua eneo la bati lilipokuwa bado bapa. Urefu hupimwa kwa futi ya kawaida. Upana wa awali hupimwa kwa futi laini ya fundi cherehani, ikilazwa na kufuata kila bonde na kila mgongo kutoka ukingo hadi ukingo.

Turudi kwenye bati lile la namba kumi na tatu. Lina urefu wa mita 3, na futi ya cherehani imetoa upana wa mita 1 kamili, hivyo eneo lake ni mita 3 za mraba. Chuma cha milimita 0.225 kwenye eneo hilo ni kilo 5.3. Mpako wa gramu 150 kwa mita ya mraba unaongeza kilo 0.45, na rangi huongeza kama kilo 0.15. Jumla ni kilo 5.9. Kama chuma tupu kingekuwa milimita 0.30, hesabu ileile ingetoa kilo 7.7. Namba iliyochapwa ni moja, 0.30, na uzito unatofautiana kwa kilo 1.8 kila bati. Kwa nyumba ya mabati 60 hizo ni kilo 108 za chuma ambazo ama ziko juu ya paa ama haziko.

Bati moja kwenye mizani ya duka huyumba, na mizani ya kupimia misumari inaweza kukosea gramu mia mbili bila mtu kujua. Afadhali kupima kumi kwa pamoja, yakiwa yamefungwa kwa kamba, kisha kugawa. Katika mfano huu mizani inapaswa kusoma karibu kilo 59. Ikisoma 52, kuna maelezo ya kutolewa. Mizani yenyewe iwe na muhuri wa ukaguzi, ambao Tanzania hutolewa na Wakala wa Vipimo, na kamera ipite juu ya muhuri huo kabla ya mabati kuwekwa. Mwenye nyumba asiyejua kutumia maikromita anaweza kurudia kipimo hiki mwenyewe siku mzigo unapofika, kwa mizani ya kuazima ya duka la nafaka.

Baada ya uzito, maonyesho mengi hupenda kitu cha kutazamwa. Muuzaji husimama juu ya bati, hulipiga nyundo, huliwashia moto wa gesi, hulichubua kwa msumari au hulibandika sumaku. Vituko hivi vinavutia, na karibu vyote havithibitishi kitu. Sumaku itashika chuma chochote, kinene na chembamba, cha mpako mzuri na kibaya. Maua yanayong'aa juu ya bati la zinki hutokana na jinsi zinki ilivyopoa kiwandani, na ukubwa wake hausemi mpako ni mzito kiasi gani. Moto wa gesi huunguza rangi ya bati lolote. Kuhusu kusimama juu ya bati, matokeo hutegemea zaidi mguu umewekwa wapi. Bati jembamba kabisa litambeba mtu mzima akikanyaga juu ya papi, yaani ule mbao mwembamba unaopigiliwa bati, na bati nene litabonyea akikanyaga katikati ya nafasi pana.

Kipimo cha kubeba kinaweza kufanywa kwa haki ikiwa masharti yote yatalingana. Mbao mbili huwekwa chini zikiwa zimeachana mita moja, bati hulazwa juu yake, kipande cha ubao huwekwa katikati kikivuka migongo, na juu yake ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ina uzito wa karibu kilo 20 bila kuhitaji mizani. Uzi hunyooshwa kutoka mbao hadi mbao na kushuka kwa bati hupimwa kutoka kwenye uzi. Kisha bati la pili huwekwa mahali palepale. Sharti lisilovunjwa ni kwamba mabati yote mawili yawe na migongo ya aina moja. Mgongo ukiwa mrefu zaidi kwa milimita chache tu huongeza ukakamavu kuliko nyongeza ya unene, hivyo bati jembamba lenye migongo mirefu linaweza kulishinda nene la mawimbi mafupi. Hilo si kosa la bati, na kwa kweli ndiyo sababu ya kuwapo kwa migongo. Lakini mtu akionyeshwa mashindano hayo na kuambiwa yamethibitisha unene, ameonyeshwa kitu kingine.

Rangi na mpako vina jaribio lao dogo linalofaa kaunta. Ukanda mwembamba hukatwa kwenye ncha ya bati na kukunjwa mpaka ujirudie, ukiwa umewekewa kipande kimoja cha bati lilelile katikati ili mkunjo usiwe mkali kupita kiasi. Utepe wa gundi hubandikwa juu ya mkunjo na kuvutwa kwa nguvu. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye kilele cha mkunjo ni za kawaida. Maganda ya rangi yakitoka na utepe, au mpako wenyewe ukibanduka na kuacha chuma cheusi, basi rangi haikushika au haikuiva vizuri kiwandani. Bati la namna hiyo litaanza kubanduka kwenye kila tundu la msumari.

Uzito wa mpako ndiyo habari ambayo muuzaji hawezi kuipima kwa uaminifu dukani, na skripti inapaswa kukiri hivyo waziwazi. Maabara hukata kipande cha eneo linalojulikana, huondoa rangi, hukipima, huyeyusha mpako kwa asidi iliyowekewa dawa ya kuzuia chuma kisiliwe, kisha hukipima tena. Kipande cha sentimita kumi kwa kumi chenye mpako wa AZ150 hupoteza gramu moja na nusu tu. Mizani ya maabara huona tofauti hiyo, ila ya duka haioni. Asidi yenyewe hutoa mvuke unaochoma macho, na haipaswi kufunguliwa mahali wanapopita wateja na watoto. Badala yake muuzaji huweka mezani cheti cha koili kutoka kiwandani, na mnunuzi hulinganisha namba iliyo kwenye cheti na ile iliyoandikwa pembeni mwanzoni. Namba zikitofautiana, cheti hicho ni cha mabati mengine. "Fundi, namba ya bati ni hii, ya cheti ni hii. Zisome zote mbili kabla sijasema neno."

Kuna wanaojaribu kuziba pengo hili kwa ndoo ya maji ya chumvi. Vipande viwili hutumbukizwa, wiki hupita, kimoja hutoka na kutu na kingine kikiwa safi. Hata kipimo cha maabara cha aina hiyo, ambapo ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 hupulizwa kwa joto la nyuzi 35, hutumika kulinganisha bidhaa na kukagua kiwanda. Saa za ndani ya kabati hilo hazigeuzwi kuwa miaka ya paa. Juu ya nyumba kuna jua, mvua inayosafisha chumvi, vumbi, na mchana unaofuatwa na umande. Anayesema kwamba wiki moja ya ndoo ni sawa na miaka kumi ya Tanga amejitungia hesabu.

Kwa mnunuzi wa pwani sehemu hii ndiyo nzito kuliko unene. Mwenye nyumba wa Dodoma na wa Bagamoyo wanaweza kununua bati moja lenye chuma kilekile, na la Bagamoyo likatoboka mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi, hasa chini ya upenu ambako mvua haifiki kuosha. Hati za dhamana mara nyingi huweka masharti ya umbali kutoka baharini, kwa herufi ndogo. Skripti inayoonyeshwa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam isome masharti hayo kwa sauti kabla mteja hajauliza, na ieleze kwamba bati nene lenye mpako mwepesi si lazima lidumu kuliko jembamba kidogo lenye mpako mzito.

Jambo moja la ghalani lafaa kuonyeshwa, na linalihusu duka lenyewe kuliko kiwanda. Mabati yakirundikwa yakiwa yamelowa, maji hubaki kati ya bati na bati bila hewa, na zinki huanza kutoa unga mweupe. Muuzaji anayejiamini huinua mabati mawili matatu ya katikati ya rundo mbele ya kamera. Madoa mepesi yanayofutika si tatizo kubwa. Unga mzito ulioacha bati likiwa jeusi chini yake maana yake ni kwamba sehemu ya mpako aliyolipia mteja imekwisha liwa kabla bati halijapanda juu ya kenchi.

Kabla ya kufunga maonyesho hubaki suala la upana, ambalo ni la hesabu zaidi kuliko la ubora, ingawa humgharimu mwenye nyumba kwa namna ileile. Bati huuzwa kwa urefu, lakini paa hufunikwa kwa upana unaobaki baada ya bati moja kulalia lingine. Mabati mawili hulazwa sakafuni yakiwa yamelaliana kama yatakavyokaa juu, na kipimo hutolewa kutoka mgongo wa kwanza wa bati la chini hadi mgongo wa kwanza wa bati la juu. Upande wa paa wenye upana wa mita 12 utahitaji mabati 16 ikiwa kila moja linafunika sentimita 75. Likifunika sentimita 70, yanahitajika 18. Bei nafuu ya bati moja inaweza kuliwa yote na mabati hayo mawili ya ziada, tena kwa kila upande na kila mstari.

Maonyesho yote yakifuata mpangilio huu huchukua kama dakika kumi na tano dukani. Kwa video ya simu yanaweza kupunguzwa hadi dakika nne, mradi kuchagua bati, kuonyesha sifuri ya maikromita na kusoma mizani visikatwe. Sehemu ya mwisho ya skripti ni risiti. Neno geji 30 peke yake halimfungi mtu kwa lolote, kwa sababu zilizoelezwa. Mnunuzi adai paandikwe unene wa chuma tupu kwa milimita, aina na uzito wa mpako, upana unaofunika, namba ya koili, na uzito wa mabati kumi kama ulivyosomwa kwenye mizani. Ule ukanda uliokatwa kwa jaribio la mkunjo uwekwe sahihi za pande zote mbili na ubaki kwa mwenye nyumba. Mzigo ukifika, mabati kumi yapimwe tena kabla lori halijaondoka, na yakipungua uzito yarudi na lori hilohilo.